Mapigo ya Nani

Cadette alikuwa na kasoro moja ambayo shule ya uuguzi haikuweza kumwondolea: haraka ya kutuliza watu. Mtu akilia mbele yake, mdomo ulitangulia kabla ya macho. Si kitu, si kitu, itapita. Wagonjwa walimpenda kwa hilo, na wengi wao kweli ilipita, kwa hiyo hakuna aliyemkemea. Alhamisi ile ya Machi, kwenye mchanga wa Kabuta, haraka hiyo nusura imkoseshe dada yake mguu.

Na si mguu wa mtu yeyote tu. Miguu ya Claire ndiyo iliyomsomesha Cadette. Wazazi walipokufa kule Pweto, Claire alikuwa na miaka kumi na saba, na Cadette saba. Claire alitafuta baiskeli, akafunga kapu la samaki nyuma, akaanza kuikanyaga kwenda vijiji vya ndani ambako watu hula samaki kwa hamu. Alikanyaga miaka kumi na miwili, hadi siku mdogo wake alipovaa kofia nyeupe ya muuguzi. Vita vilipowatoa kwao wakavuka mpaka, wakafikia Chienge, wakaletwa kambi ya Mantapala. Kofia haikuvuka nao. Huku Zambia cheti cha Cadette kilikuwa karatasi ya kufungia karanga mpaka baraza la wauguzi litakapokubali, na baraza lilikuwa bado linafikiri. Alikuwa mhudumu wa kujitolea, apimaye watoto uzito na kuhubiri kunawa mikono. Claire yeye alirudi kwenye baiskeli.

Marufuku ya uvuvi ilikuwa imekwisha mwanzo wa mwezi, na ufukwe mzima ulikuwa umepata wazimu. Kila mwenye kapu alikuja Kabuta. Dada hawa wawili walilala kwa Mwiche, Mzambia aliyekuwa akimwekea Claire samaki, na kabla ya mapambazuko Claire alishaingia majini hadi magotini, akigombania chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, na wanawake wengine ishirini. Cadette alisimama nchi kavu akishika mifuko. Alikuwa amemwambia dada yake wiki nzima kwamba asije. Zahanati ya kambi ilikuwa imemsikiliza Claire moyo mwezi Januari, ikakuta mlango mmoja wa moyo umekakamaa kwa homa za utotoni, na mapigo hayana mpango. Aende hospitali ya mkoa, wakasema, apewe dawa ya kulainisha damu, maana moyo wa namna hiyo hugandisha damu ndani yake. Claire akasema ataenda. Kisha uvuvi ukafunguliwa.

Saa kumi na mbili na robo Claire alitoka majini, akaweka beseni chini, akapiga hatua mbili, akapiga yowe.

"Cadette! Kuko kintu imenipiga pa muguu! Mayo wee, banaukata!"

Alianguka juu ya mchanga akishika paja la kushoto. Cadette alikimbia. Hakukuwa na jeraha, wala nyoka, wala mwiba. Claire alikuwa mwanamke aliyejifungua watoto watatu bila kupiga kelele, na sasa alikuwa anauma kitambaa cha kichwa.

"Si kitu, yaya," Cadette alisema. Yaya ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kama wadogo wote wa kwao wanavyowaita wakubwa wao. "Ni mushipa imekazika sababu ya baridi. Itapita."

Hapo ndipo watu wa Kabuta walipofanya wanachofanya siku zote. Mvuvi akitoka ziwani miguu imekufa ganzi kwa maji, huwa haulizwi maswali; huitwa Mama Kabaso. Bibi huyo alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana kama makasia, na miguu aliyoifufua haihesabiki. Dawa yake ya kwanza ni mchanga uliopashwa kando ya moto wa kukaushia samaki, unatiwa katika gunia la sukari, mguu unazungushiwa. Dawa ya pili ni wembe. Alifika akiwa na gunia begani, kabla hata hajatumwa mtu.

"Awe, batoto yangu," alisema, akipiga magoti. "Hii ni ziwa imeingia mu mufupa. Amesimama mu maji tangu saa ngapi? Naona. Mulale, mama."

Cadette aliona kwamba lazima apime kitu. Alikuwa muuguzi, hata kama baraza lilikuwa bado linafikiri. Aliweka vidole viwili juu ya mgongo wa wayo, pale mshipa unapopita kuelekea kidole gumba, akabonyeza. Hakusikia kitu. Akabonyeza zaidi. Wanawake walikuwa wamemzunguka, Claire anaguna kwa maumivu, na moyo wa Cadette mwenyewe ulikuwa unamgonga mbavuni. Akabonyeza kwa nguvu zote, na hapo akausikia: du, du, du, du, wa haraka, uliopangika vizuri.

"Mushipa iko," alisema, na pumzi ikamtoka. "Iko muzuri. Damu inapita."

Mama Kabaso akafunga gunia la mchanga wa moto kuzunguka mguu. Mwiche, kwa wema wake, akaleta kreti la samaki na kuuinua mguu juu yake. Cadette alikaa akimshika dada yake mkono, akasubiri ipite.

Haikupita. Dakika kumi, ishirini. Ajabu ni kwamba maumivu yalizidi kila mguu ulipoinuliwa, na Claire alikuwa anajivuta ili uning'inie chini. Dakika thelathini, akasema jambo ambalo Cadette alilisikia bila kulisikiliza, kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani.

"Bidole yangu iko wapi? Siisikie."

"Itapita, yaya."

Ilipokaribia saa moja, Mama Kabaso alifungua gunia na kutoa wembe mpya kutoka katika karatasi yake. Alichanja chale tatu fupi juu ya kifundo cha mguu, upesi, kama mtu anayekata kitunguu. Kisha akachukua majivu ya mzizi kwenye kidole, tayari kuyasugua damu ikitoka. Akangoja.

Kidole kilibaki hewani.

"Mayo," alisema polepole. Alichanja ya nne, ndani zaidi. Ngozi ilifunguka midomo miwili, myeupe ndani, mikavu. Bibi akatazama wembe, akatazama mguu, akageuza uso wake kwa Cadette, na uso huo ulikuwa umeondokewa na ubingwa wote. "Nachanja batu tangu mimi musichana. Mukubwa, mutoto, mugonjwa, hata mulevi. Damu haijanikatalia. Wewe umesema damu inapita. Inapita wapi?"

Cadette aliuangalia mguu, na sasa aliuangalia kweli. Ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na chini ya goti ulianza kuwa na madoa ya kizambarau. Mishipa ya juu, ile inayojichora kwa kila mtu atembeaye sana, ilikuwa imebonyea kama mifereji ya kiangazi. Akagusa. Baridi. Gunia lilikuwa la moto wa kuchoma, ngozi ya shavu la mguu ilikuwa imeanza kutoka malengelenge, na Claire hakuusikia moto wala mguu haukupata joto.

Alibonyeza tena mgongo wa wayo, na mapigo yalikuwapo, du, du, du, du. Ndipo alipokumbuka. Ee Mungu, alikumbuka.

Alilala na Claire kitanda kimoja miaka kumi, sikio likiwa mgongoni mwake. Aliujua moyo ule kuliko wimbo wowote wa kanisani. Ulikuwa kama mama anayetwanga huku anagombeza watoto: anatwanga mara mbili, anasimama kupiga kelele, anatwanga upesi mara tatu kufidia, anasimama tena. Hata siku moja haukupiga sawasawa. Sasa mapigo haya yaliyopangika kama askari yalikuwa ya nani?

Alipeleka mkono wa pili shingoni mwake mwenyewe. Du, du, du, du. Shingoni na wayoni, pamoja, bila kupishana hata moja. Akalegeza vidole kidogo. Shingoni paliendelea. Wayoni pakanyamaza.

Yalikuwa yake. Dakika arobaini na tano alizowaambia watu damu inapita, alikuwa amejishika mapigo yake mwenyewe katika ncha za vidole. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Mwalimu wao alikuwa akiwapiga rula mikononi kwa kosa hilo: usibonyeze kwa hofu, mwenye hofu hujisikia mwenyewe. Akajaribu mguu wa kulia wa Claire. Pale palikuwa na yule mama anayetwanga, anasimama, anatwanga. Kushoto, nyuma ya kifundo, hakuna. Nyuma ya goti, hakuna. Kwenye kinena, kitu hafifu sana, kisha hakuna.

"Toa mchanga!" alipiga kelele. "Toa yote! Shusha muguu, Mwiche, usiinue! Musisugue, mutu asisugue!"

"Lakini iko baridi," Mwiche alisema.

"Iko baridi sababu haina damu. Ukiipasha moto, nyama inaomba chakula, na chakula haiko. Kipande ya damu imetoka pa moyo, imeziba mushipa mukubwa. Haifunguke kwa mchanga." Alitazama simu. Saa moja kamili. "Tunataka motokari. Sasa."

Mama Kabaso alishapangusa mguu kwa mikono yake mwenyewe na kuufunika kitenge kwa wepesi. "Hii si kazi yangu," alisema, bila aibu, kama fundi anayejua mwisho wa ufundi wake. Kisha akainuka na sauti yake ikapasua ufukwe mzima: "Elliot! We, Elliot! Shusha hizo samaki!"

Elliot alikuwa dereva wa kanta, lori dogo, iliyokuwa nusu imejazwa makreti na barafu. Alifungua kinywa kubisha, akaona bibi aliyemnyoosha mguu mara mbili anakuja na wembe mkononi, akafunga kinywa. Makreti yalishushwa. Claire alilazwa nyuma juu ya nyavu kavu, mguu umenyooka, chini kidogo ya mwili. Aliomba maji. Cadette alikataa, akamlowesha midomo tu, maana mwenye kwenda kupasuliwa hanywi. Saa moja na robo kanta iliondoka kuelekea Nchelenge.

Barabara ile Cadette aliijua, lakini siku hiyo mtu alikuwa ameiongeza urefu. Mbuzi, baiskeli za samaki, mashimo, mbuzi tena. Alipiga paa la kanta kwa ngumi kila Elliot alipopunguza mwendo, mpaka Elliot naye akapiga kutoka ndani kumwambia inatosha. Kila dakika tano alimwambia Claire achezeshe vidole vya mguu. Mwanzoni vilicheza. Walipopita makaburi ya wamisheni, kidole gumba kilisita kabla ya kutii, kama mtoto aliyeitwa kazini.

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Mguu uliokatiwa damu haufi mara moja, wala hausubiri siku nzima. Neva hutangulia kulalamika, kisha hunyamaza. Misuli hufuata. Saa sita, walifundishwa, wengine hata hawafikishi. Baada ya hapo nyama huanza kuoza mtu akiwa hai, na hata damu ikirudishwa, hurudi na sumu ya nyama iliyokufa na kuipeleka kwenye figo na moyo. Ndipo madaktari huacha kuzungumza juu ya mguu, wanazungumza juu ya msumeno. Na bonge lililoziba halikai kimya. Damu iliyosimama nyuma yake hugandamana nalo, na kizibo kinarefuka kwenda chini. Kutoka saa kumi na mbili na robo, saa sita zinaishia saa sita na robo mchana. Dakika arobaini na tano za hizo alikuwa ameshazila yeye.

"Unalia nini?" Claire aliuliza kwa meno yaliyofungwa. "Ni mimi njo naumwa."

"Vumbi, yaya."

"Barabara ya lami hii. Vumbi gani?"

Walifika hospitali ya wilaya saa mbili na dakika tano. Watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje, akina mama na watoto wenye homa, kila mmoja na daftari lake. Cadette aliiona foleni ile, akageuka kutafuta mwisho wake. Mkimbizi hujifunza kupanga foleni kuliko kitu kingine chochote. Ya unga, ya sabuni, ya alama ya kidole. Na mwaka jana, katika zahanati, alipoingilia kazi ya mhudumu mmoja, aliambiwa mbele ya watu kwamba huku yeye si muuguzi, akae mahali pake. Alikuwa amekaa mahali pake tangu siku hiyo.

Akapita foleni yote. Watu walimzomea. Akamshika mkono muuguzi wa kwanza aliyemwona, mwanamke mrefu mwenye kibandiko cha jina: Thandiwe.

"Mguu mmoja," alisema kwa Kiingereza chake cha kambini, akikata maneno kama wembe wa Mama Kabaso. "Ghafla. Mweupe, baridi, hauna mapigo. Moyo wake haupigi sawa. Tangu saa kumi na mbili na robo."

Thandiwe hakuuliza yeye ni nani. Alitoka naye hadi kwenye kanta, akaweka kiganja mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akageuka mbio. Daktari Chileshe, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuja amebeba kimashine kidogo walichokitoa wodi ya wazazi, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alipaka jeli mguu wa kulia. Kikapumua: shu-shu, kimya, shu, shu-shu-shu. Wote walimsikia yule mama anatwanga. Akakiweka kushoto. Kikatoa mkwaruzo tu, kama redio iliyopoteza stesheni. Akatafuta juu, akatafuta chini. Mkwaruzo. Claire alikuwa anatazama nyuso zao.

"Nani aliupima kwanza?" daktari aliuliza. "Na alikuta nini?"

Hapa Cadette angeweza kunyamaza. Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, laini, la kutuliza, la aina yake: saa kumi na mbili na nusu mapigo yalikuwapo, doktari, yamepotea baadaye. Lingesikika vizuri. Lingemfanya aonekane amefanya kazi yake. Na lingeupa mguu saa moja ambayo haukuwa nayo, na watu wangetembea pale walipotakiwa kukimbia.

"Mimi," alisema. "Nilisema yapo. Hayakuwapo. Nilisikia yangu mwenyewe kwenye vidole. Hesabu tangu kumi na mbili na robo. Tena tuliupasha moto, na umechanjwa."

Daktari alimtazama kwa sekunde moja tu, hakuwa na ya pili. "Hii inabadilisha," alisema, na tayari alikuwa na simu sikioni, anaongea na daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa, Kaoma. Cadette aliokota vipande vya maneno. Hapana, vidole bado vinacheza, kidogo. Hisia zimepungua. Shavu la mguu bado laini. Ndiyo, nina hakika ya saa. Kisha Chileshe akakata simu na kusema: "Alikuwa na upasuaji wa ngiri saa tano na nusu. Anaiahirisha. Meza itakuwa tupu inawangoja, hampitii wodini."

Mambo yakaenda kwa kasi. Sindano kwenye mshipa ya dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, yuniti elfu tano kwa mkupuo. Haiyeyushi kizibo kilichopo, Thandiwe alieleza kama anayezungumza na mwenzake wa kazi, inakizuia kisirefuke tu. Sindano ya maumivu. Kipimo cha moyo kilichochora milima isiyolingana. Pamba juu ya malengelenge. Thandiwe akazitazama chale nne, akatikisa kichwa, akaziacha wazi.

"Umebaambia nini kwa ile Kizungu?" Claire aliuliza.

"Nimebaambia saa."

"Maneno yote ile, saa tu?"

Cadette akakumbuka jambo jingine. Ruhusa yao ya kutoka kambini iliandikwa wilaya ya Nchelenge, na mkoani ni mbali nje ya wilaya. Alimwonyesha daktari karatasi. Chileshe aliandika mistari mitatu nyuma yake, akagonga muhuri, akasema karatasi zitafuata gari, si gari lifuate karatasi. Saa tatu kasoro dakika ishirini ambulensi ilitoka getini, Mukuka kwenye usukani, Thandiwe na Cadette wakiwa nyuma na mgonjwa.

Kuna safari ambazo huwezi kuzisimulia, maana ndani yake hakutokei kitu. Mwendo wa saa tatu na zaidi, king'ora, mihogo, shule, watoto wakipunga mikono. Dawa ya maumivu ilimlaza Claire, na usingizi ule ulimtisha Cadette kuliko yowe. Saa nne vidole vilitikisika. Saa tano kimoja kilitikisika, au gari ndilo lililotikisika. Alibonyeza ukucha kuona kama damu itarudi, ukabaki mweupe. Alikuwa anaogopa kugusa wayo, kwa sababu alikuwa haviamini vidole vyake. Kila alipogusa alisikia mapigo, na kila mara yalikuwa ya kwake, yenye afya, yasiyo na aibu, yakienda tu.

"Jaribu kugusa kama unagusa yai," Thandiwe alimwambia. "Na hesabu yako kwanza."

Saa sita kamili waliingia hospitali ya mkoa. Machela ilikuwa mlangoni. Daktari Kaoma, mtu mnene aliyeonekana kama mkulima wa viazi, alitembea kando ya machela akibonyeza shavu la mguu na kuuliza maswali kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili cha sokoni. "Mama, unasikia hapa? Hapa je?" Claire alisikia juu ya goti, chini akasema ni kama amevaa soksi. "Soksi ni nzuri," Kaoma alisema. "Ubao ni mbaya." Wakampitisha mlangoni. Wakaufunga.

Alichofanya Kaoma ndani, Thandiwe aliyeruhusiwa kuingia alimsimulia Cadette baadaye. Hawakumlaza usingizi kamili. Moyo ule usingevumilia. Walitia ganzi kinena, wakakata, wakaufunua mshipa, mgumu na mtulivu kama mpira wa baiskeli usio na pumzi. Kaoma aliutoboa, akapitisha mpira mwembamba kama utambi wenye kiputo mwishoni, akausukuma kupita kizibo hadi chini, akajaza kiputo, akavuta. Likatoka bonge jeusi refu, lenye mkia. Akarudia. Ukatoka mkia uliobaki. Mara ya tatu damu iliruka ikamchafua miwani, naye akasema asante.

Kisha, kwa kuwa misuli iliyofungwa njaa saa sita huvimba inapolishwa na kujinyonga yenyewe ndani ya ngozi yake, alilichana shavu la mguu pande mbili, mistari mirefu, akaliacha wazi lipumue. Miguu ya Claire haitakuwa mizuri tena. Hilo lilishaamuliwa.

Cadette, kwenye benchi, hakujua lolote kati ya haya. Aliinuka, akakaa. Alihesabu vigae. Saa sita na robo ilipofika alisimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, ikapita, na dunia ikaendelea, mfagizi akaomba apishe. Alijiambia si kitu, itapita, na kwa mara ya kwanza maishani akayachukia maneno hayo kiasi cha kutaka kuyatema.

Saa saba na nusu machela ilitoka. Muuguzi mmoja alikuwa analalamika kwamba shuka limechafuka tayari, na sio pale kwenye bandeji, ni huku chini, kuna mikato midogo inavuja, nani amemchanja huyu mama?

Cadette alifunua shuka. Juu ya kifundo, chale nne za Mama Kabaso, zilizokuwa kavu tangu asubuhi, zilikuwa zinatoa damu. Nyekundu, polepole, matone manne. Muuguzi alitaka kuyafuta.

"Ngoja," Cadette alisema. "Ngoja kidogo. Acha niione." Akalia mbele ya watu, kwa sauti, kama msiba, na muuguzi akadhani mgonjwa amekufa.

Jioni Claire alifumbua macho wodini. Mguu ulikuwa umelala nje ya blanketi, umevimba, mbaya, una joto. Vidole vinne vilicheza alipoambiwa. Kidole gumba kilikataa kuinuka. Kaoma alikuwa amesema huenda neva ikaamka baada ya miezi, huenda isiamke. Kama wangefika nusu saa mapema asingekuwa anasema huenda. Alisema hivyo bila kumtazama Cadette, kwa hiyo alikuwa ameambiwa kosa la asubuhi.

Cadette alivuta kiti. Aliweka mkono mmoja shingoni mwake, akahesabu yake kwanza, yakawa ya haraka na ya kupangika. Kisha akagusa mgongo wa wayo, kama yai. Kimya. Akangoja. Halafu chini ya kidole mtu alitwanga mara mbili, akasimama kugombeza watoto, akatwanga upesi mara tatu, akasimama.

"Yaya," alisema. "Nikuambie kintu. Asubuhi pa Kabuta, nilisema mushipa iko. Haikuwako. Nilisikia moyo yangu miye, nikabaambia batu ni yako. Ile kidole yenye haisimame, ni miye."

Claire aliutazama mkono uliokuwa juu ya wayo wake. Nje, mtu alikuwa anamimina maji kwenye ndoo.

"Na sasa unashika ya nani?"

"Yako."

"Unajua namna gani?"

"Haina akili."

Claire alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Akautazama mguu wake na ile mistari yote, kama mtu anayetazama shamba baada ya viboko kupita.

"Basi sikiliza. Kinga yangu, ile baiskeli, utaikanyaga weye. Mimi nitaikala nyuma na kapu." Akafumba macho. "Na siku mutu akilia mbele yako, usimuambie itapita. Muangalie kwanza."

"Ndiyo, yaya."

"Usitoe mukono."

Hakuutoa.